Nilisema Nataka Kufua

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama alikuwa akisema kwamba wenzangu wakikasirika huenda kwanza kuzitafuta hasira zao ndani, lakini za kwangu zimewekwa mlangoni, tayari zimevaa viatu. Uzee umezipunguza kidogo, ila siku ninayotaka kuisimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa, na zilikuwa zimekomaa barabara.

Ilikuwa miaka ya hamsini, ingali michanga. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane katika shule ya misheni, na kwa kijiji chetu hilo lilikuwa jambo kubwa. Tulikaa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mgodi wa dhahabu, upande wa Geita. Baba alikuwa mhunzi, mtoto wa mhunzi, mjukuu wa mhunzi. Zamani majembe ya ukoo wetu yalisafiri hadi Shinyanga vichwani mwa watu, na huko yalitolewa mahari. Baba alipenda kusema kwamba jembe la babu limeoa wake wengi kuliko mtemi. Lakini nilipopata akili za kutazama, majembe ya dukani yalikuwa yamejaa kila mahali, mepesi na ya bei ndogo, na baba alibaki kunyoosha ya watu yaliyopinda, kutengeneza kengele za ng'ombe na njuga za wacheza ngoma, na kufua visu na mashoka kwa springi za malori mabovu.

Kwa sababu hiyo alinikataza kiwanda chake. Tangu nilipoanza shule, nikishika tu mivukuto ya kupulizia moto alinifukuza. "Mkono wa kalamu hauunguzwi," alisema. Akienda porini kuchoma makaa niliingia kwa kujiiba, nikawasha moto, nikagongagonga vipande vilivyotupwa. Nilipenda ile kazi kwa namna ambayo sikuweza kumwambia mtu. Ungemwambia nani, wakati kijiji kizima kinakungojea uwe karani?

Kisha barua ikaja. Chama cha ushirika wa pamba kilikuwa kikitafuta karani wa mizani, nami nilikuwa nimeomba kwa sababu baba alinisimamia nilipokuwa nikiandika. Walinikubali. Nilitakiwa nifike mwenyewe kujibu kabla ya Ijumaa kwisha, kwani kulikuwa na mwingine anayengoja nafasi hiyo. Baba aliichukua ile barua akampa kila aliyejua kusoma aisome, na wasiojua aliwaonyesha muhuri. Wakulima wetu walikuwa wameumizwa sana na mizani za wanunuzi wa zamani, na kuwa na kijana wao kwenye mizani lilikuwa jambo la heshima kweli. Sisemi hivyo kwa kejeli. Lakini kila baba alipoikunjua barua ile, nilitafuta kuni za kwenda kupasua.

Jumapili kabla ya hiyo Ijumaa, mwalimu wetu aliwaita vijana wa parokia baada ya ibada. Kila mwaka aliwaona wanaomaliza shule wakigawanyika mafungu mawili: wale waliokaa nyumbani wakingoja ukarani mpaka shati la shule likawachanikia mgongoni, na wale waliokimbilia mashimo ya mgodi kuwa vibarua bila hata kuuliza kazi yenyewe ikoje. Safari hii aliamua tuyasikie mambo kwa wenyewe. Tuliketi darasani, wavulana madawati ya kulia na wasichana ya kushoto, na mbele yetu aliketisha watu watatu: karani wa vipande wa mgodini, mama mmoja mfanyabiashara ya samaki, na fundi wa karakana ya mgodi. Fundi alikuwa Mwislamu kutoka Tabora, na kwa adabu alikuwa ameuliza kwanza kama anaruhusiwa kuingia katika nyumba ya misheni.

"Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake," mwalimu aliwaambia. "Kwa hiyo sitaki mtu asifu kazi yake. Kila mmoja ajibu matatu. Ulijifunzaje, na nani alikulisha ulipokuwa ukijifunza? Siku yako mbaya ikoje? Na ukiambiwa kesho uondoke, utatoka na nini mkononi?"

Nimesikia hotuba nyingi za kuwashauri vijana tangu siku hiyo, zenye vipaza sauti na soda. Sijasikia maswali bora kuliko yale.

Karani alianza. Alikuwa amevaa kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Alituambia kwamba kazi yake ni kutia alama kwenye kipande cha kila mfanyakazi kwa kila siku aliyofanya kazi, kwani mshahara hulipwa pale kipande kinapojaa alama zote thelathini. Alisomea shuleni, baba yake alimlisha. Anakaa kivulini, mvua haimhusu, mwisho wa mwezi anajua anapata nini. Kisha akasita, akamtazama mwalimu, na nadhani aliamua kuwa mkweli. "Siku mbaya ni pale mtu anapokuja akilia kwamba alikuja kazini na mimi sikumtia alama. Labda kweli nilikosea. Sasa ameikosa siku yake kwa sababu ya penseli yangu. Na nikifukuzwa kesho, natoka na barua ya sifa, kama bwana mkubwa atapenda kuniandikia."

Mama wa samaki hakungoja kuitwa. Alisimama, akakaza kanga yake kiunoni. Hununua furu na ngege mwaloni Nkome, kando ya ziwa, huwabanika na kuwaanika, kisha huwaleta kwenye makambi ya wachimbaji. "Mimi nilijifunza kwa shangazi yangu, misimu miwili, nikimbebea tenga. Alinilisha hao hao samaki. Siku mbaya ni mvua. Ikinyesha siku tatu samaki hajakauka, anaoza, na wewe unalia. Siku nyingine mbaya ni ndugu. Wakiona umerudi na tenga tupu wanajua umeuza, na kila mtu ana mgonjwa. Ukila mtaji, mwanangu, umekula mguu wako mwenyewe. Nikiambiwa niondoke kesho? Nani wa kuniambia?"

Wasichana walipiga makofi. Mmoja wao aliuliza kama mume anaweza kukubali mke wake atembee hivyo. Mama akajibu, "Wa kwangu alikataa miezi minne. Mwezi wa tano alikuja kunipokea tenga njiani." Tulicheka mpaka mwalimu akagonga meza.

Fundi aliongea mwisho, polepole. Hakusimama hata. Alisema alijifunza miaka mitatu kwa fundi mwingine huko reli ya Tabora, na miaka miwili ya kwanza aliyoyapata hayakutosha hata sabuni. Kaka yake ndiye aliyemlisha. "Asiye na wa kumlisha, asije kwangu kesho. Aanze kwingine, aje akiwa tayari," alisema. Siku mbaya alituonyesha: alinyanyua mkono wa kushoto, na kidole cha pete kilikuwa nusu. Kisha akaeleza kwamba karakana ina moto na fuawe, lile pande la chuma la kugongea, ambapo kila siku wanafua vyuma vya kutobolea mwamba. Vinabutuka chini ya ardhi, vinarudi juu, vinatiwa motoni, vinachongoka upya. Mgodi hauwezi kwenda siku moja bila moto ule. "Nikiondoka kesho," alisema, "natoka na mikono. Hii hakuna anayeniandikia barua."

Mimi masikio yalikuwa yanawaka. Kumbe ile kazi iliyokuwa ikifa nyumbani kwetu ilikuwa hai saa mbili kutoka pale!

Mwalimu akatutaka kila mmoja asimame aseme anafikiria nini, na kwa nini. Wengi walisema ukarani. Wawili walisema ualimu. Msichana wa swali la mume alisema samaki, akashangiliwa. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikasema kwa sauti ya mtu aliyejitoa mhanga:

"Mimi nataka kufua."

Hapa ni lazima nieleze, maana ndipo palipoharibika. Nyumbani hatukuzungumza Kiswahili. Kwa lugha ya ukoo wetu, neno la kazi ya baba husimama peke yake. Hulitilii "chuma" mbele yake, kwa sababu kwetu hakuna kingine cha kufuliwa, na nguo zina neno lake. Nililichukua neno la Kiswahili nikalitumia vile vile, likiwa uchi. Nikasahau kwamba kwenye makambi ya mgodi, mtu akisema anafua, amebeba beseni.

Darasa likalipuka. "Dobi!" kijana wa nyuma alipaza sauti. "Darasa la nane, dobi!" Mwingine akauliza kama nitapokea na soksi. Hata karani, mtu wa watu yule, aliziba mdomo kwa leso. Mtu mwenye akili angesema maneno mawili, "kufua chuma," na yangekwisha. Mimi nilichukua kofia yangu nikatoka. Mlangoni nilijikwaa, wakacheka tena.

Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba wakati ule ule fundi, ambaye hakucheka, aliuliza, "Nguo au chuma?" Lakini aliyeulizwa alikuwa tayari yuko kwenye mashamba ya mihogo, anaongea peke yake. Hasira, hasara.

Nilizurura mpaka jua likaanza kulegea. Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Jirani yetu, ambaye binti yake alikuwa darasani, alikuwa ameshapita kumpa baba pole. Pole, kama kwenye msiba!

Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa kiwanda chake. Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia.

"Nimesikia umewaambia watu unataka kufua nguo za Wazungu," alisema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeuza ng'ombe wawili, umesoma. Watu wameniona nikiwauza. Leo umekwenda mbele ya mwalimu, mbele ya vijana wenzako, ukasema hivyo. Nimekukosea nini?"

Macho yake yalikuwa mekundu, na haukuwa moshi. Hasira zangu zote zilinitoka miguuni. Nilisema kwa lugha yetu, kwa lile neno letu linalosimama peke yake, kwamba nilichotaka ni hicho. Kazi hii. Nikamwonyesha fuawe nyuma yake.

Aligeuka akaitazama fuawe kana kwamba imeletwa pale asubuhi hiyo. Alikaa juu ya gogo. Mimi sikujua kama nikae au nisimame.

"Kazi hii imekufa, mwanangu," alisema hatimaye. "Nilikufukuza hapa ili usife nayo."

Nikamsimulia yote niliyoyasikia kwa fundi: moto wa karakana, vyuma vinavyobutuka kwenye mwamba na kurudi juu kila siku. Nilisimulia haraka haraka, nikiogopa atanikatiza. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza, aliinua uso, akauliza kitu ambacho sikukitazamia kabisa.

"Wanavizimaje vikitoka motoni? Kwa maji au kwa mafuta?"

"Sijui, baba."

"Na rangi? Wanasubiri rangi gani ndipo wazime?"

"Sijui."

"Umekwenda kusikiliza nini huko, basi?" alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimsikia akikaribia kucheka. "Kesho nenda kaulize."

Nilikwenda, saa mbili za mguu. Fundi alinipokea mlangoni mwa karakana, akanitazama juu mpaka chini. "Ewe dobi," aliniita, "umekuja na sabuni?" Nikameza hasira, na hiyo nadhani ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza ya kujifunza ufundi. Nikamuuliza maswali ya baba. Akaacha utani mara moja. Aliniambia wanazima kwa maji, na kwamba kuna nafasi moja ya mwanafunzi. Nije Alhamisi. Atanipa chuma nikichongoe na kukizima, kisha atakipiga kwenye jiwe. Kikipinda, nimekizima laini. Kikivunjika, nimekizima kikali mno.

Jumanne na Jumatano baba aliniingiza kiwandani kwa mlango wa mbele. Alikata vipande vya springi ya lori, akanifundisha kile ambacho nilikuwa nikikikisia kwa kuiba. Unachoma ncha mpaka inakuwa nyekundu. Unaitumbukiza ncha peke yake majini, unaitoa, unaisugua haraka kwa jiwe mpaka inang'aa. Kisha unangoja. Joto lililobaki nyuma linatembea kuelekea mbele, na linakuja na rangi: kwanza majani makavu, halafu hudhurungi, halafu zambarau, halafu buluu. Kila rangi ina kazi yake; ukiiona unayoitaka unazima tena hapo hapo, na ukipepesa macho imekupita. "Usiangalie moto, angalia chuma," aliniambia mara nyingi sana. Nilivunja vitatu na kupinda viwili. Kwa kila kimoja alinipigia kelele kama mtu mwenye furaha.

Alhamisi alisema ana shughuli njia ile ile. Hakuwa na shughuli yoyote. Alinisindikiza mpaka lango la mgodi, akaketi nje na fimbo yake, akakataa kuingia kwa kuwa hakuitwa.

Chuma cha kwanza nilikiharibu. Nilikuwa na haraka, nikazima mapema, na fundi alipokipiga kwenye jiwe ncha iliruka vipande. Alinipa cha pili. Nilikisugua, nikasubiri. Majani makavu yakaja. Nilitamani kuzima, nikasikia sauti ya baba, nikangoja. Ilipogeuka hudhurungi nikazima. Fundi alikipiga mara tano, akakigeuza, akapitisha kidole.

"Nani amekufundisha kusoma rangi?"

"Baba."

"Yuko wapi?"

"Yuko nje, langoni."

Akafuta mikono yake akatoka mwenyewe, na aproni yake ya ngozi kifuani. Nilimwona akimwinamia baba na kumwambia, "Shikamoo, fundi." Baba alichelewa kuitikia. Walikaa pale chini wakizungumza springi na makaa na maji, mimi nimesimama pembeni, sina wa kuniuliza kitu. Mwisho fundi akasema bila kuficha kwamba miaka miwili nitapata kidogo sana, hakuna nyumba, na asiye na wa kumlisha asianze.

"Huyu analala kwangu," baba alijibu. "Anakula kwangu. Atakwenda na kurudi."

Ilikuwa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Ijumaa nilitaka kwenda peke yangu kwenye chama cha ushirika. Niliona aibu, maana nilikuwa ninakikataa kile ambacho baba alikitembeza kijiji kizima. Baba hakukubali. Alisema kwamba jambo lililoombwa kwa heshima hukataliwa kwa heshima, na mkubwa ndiye hutangulia. Alivaa kanzu yake ya sikukuu, akaikunja ile barua vizuri, akaishika mwenyewe njia nzima.

Katibu wa ushirika alikuwa mtu mwema. Alituketisha, akaisoma barua yake mwenyewe kama hajaiona, akasikiliza. Alisema haina neno, yule mwingine anayengoja atafurahi. Kisha akachukua kalamu, kwani ilimpasa aandike sababu.

"Kijana amepata kazi nyingine?"

"Amepata," baba alisema.

"Kazi gani, mzee?"

Nilifungua mdomo nimsaidie, kwa kuwa Kiswahili cha baba kilikuwa cha kuokoteza, na baada ya Jumapili ile niliyaogopa maneno. Akanizuia kwa mkono. Alikuwa amenyooka kwenye kiti kile cha ofisi, na viganja vyake vyenye makovu ya cheche alikuwa ameviweka juu ya meza, mahali ambapo kila mtu angeviona.

"Andika," alimwambia katibu. "Andika, kazi ya kwetu."